Kiti cha enzi na sofa ya kisasa

"Mama mkwe ametupatia kiti cha enzi cha nyanyake. Sebule yetu ya Lamu ina sofa ya kijivu tu. Nikiweke wapi?"

Dada, usikibananishe na sofa. Kiti cha enzi kimeinuka, ndiyo maana kina kibao cha kuwekea miguu. Sofa za siku hizi ziko chini. Watu wawili wakivikalia bega kwa bega, mmoja anamtazama mwenzake utosini. Sisi tulijaribu hivyo mwezi mzima, na wageni wakawa wanakikwepa.

Tukakihamishia ukuta wa mkabala, hatua tatu hivi kutoka kwenye sofa, peke yake. Nyuma yake ukuta mweupe mtupu, kwa sababu urembo wa mgongo ule ni kamba zilizosukwa, na picha nyuma yake ingezimeza. Kisiwe dirishani: jua hukausha kamba, na mbao ikisinyaa njumu za mfupa huanza kubanduka. Kifute kwa kitambaa kikavu, na usikipake vanishi kabisa.

Kabla hamjakikalia, bonyeza kamba kwa kiganja. Zikibonyea sana au zikilia, mtafute fundi azisuke upya kwanza. Ukiona unga laini sakafuni chini ya miguu, ni wadudu wanatoboa mbao. Kitenganishe na sofa hadi kitibiwe, maana fremu ya sofa nayo ni mbao.