Maswali na majibu: Kifungu kimoja, kanuni tatu za kutafsiri sheria, na chaguo A hadi D

Mtihani wetu ulitoa kifungu hiki: "Ni kosa kuuza chakula kisichofunikwa karibu na shule." Dibaji ilisema sheria ilitungwa kuzuia kipindupindu. Juma kakamatwa akiuza mihogo ya kukaanga isiyofunikwa ndani ya uwanja wa shule. Tuliulizwa hakimu anayefuata kanuni ya dhahabu angesema nini. Chaguo B na C zote zilisema ana hatia. Nilichagua B nikakosa. Kwa nini?

Kwa sababu swali halikuuliza Juma ana hatia au hana. Liliuliza hakimu huyo amefikaje huko, na jibu la hilo liko baada ya neno "kwa sababu". Chaguo za swali la aina hii kwa kawaida huwa hivi:

A. Hana hatia, kwa sababu "karibu na" si "ndani ya".

B. Ana hatia, kwa sababu sheria ilitungwa kuwakinga wanafunzi na kipindupindu, na mihogo iliyo wazi huleta hatari hiyo hiyo ikiuzwa ndani.

C. Ana hatia, kwa sababu ni upuuzi muuzaji wa nje ya lango ashtakiwe na wa ndani aachwe, hivyo maneno yasomwe "ndani ya shule au karibu nayo".

D. Ana hatia, kwa sababu kuhatarisha afya za watoto ni kosa kubwa.

A ni kanuni ya neno kwa neno, inayoshika maana ya kawaida ya maneno yalivyo. D si kanuni yoyote, ni maoni ya mtu, na imewekwa kumnasa anayejibu kwa huruma. Sasa weka B na C bega kwa bega. C inaanza na maneno ya kifungu, inaona yakisomwa yalivyo yanaleta upuuzi, kisha inayarekebisha kidogo tu, kwa kiasi cha kuuondoa upuuzi huo. Hiyo ndiyo kanuni ya dhahabu. B inaanza nje ya maneno, kwenye ugonjwa uliosababisha sheria itungwe. Hiyo ni kanuni ya kasoro, yaani kasoro ambayo sheria ilikuja kuitibu.

C imejengwa juu ya kesi ya kweli, Adler dhidi ya George ya 1964, Uingereza. Sheria ya Siri za Serikali ya 1920 ilikataza kumzuia askari wa zamu akiwa kazini "karibu na" eneo lililokatazwa. Adler alimzuia askari ndani ya kambi ya jeshi la anga, akajitetea kwamba aliye ndani hawezi kuwa karibu. Mahakama ikasoma "ndani ya au karibu na", na hatia ikabaki.

Basi tuseme Juma hauzi mihogo. Yuko nje ya lango anauza juisi ya ukwaju kwenye ndoo iliyo wazi. Kanuni zote tatu zitampata?

Hapana, na hapa ndipo utaona tofauti ya dhahabu na kasoro kwa macho. Mahali hapana tatizo tena, yuko karibu na shule. Neno la kushughulikia ni "chakula".

Neno kwa neno: chakula huliwa, juisi hunywewa. Hana hatia.

Dhahabu: jiulize kama matokeo hayo ni ya kipuuzi. Si ya kipuuzi. Bunge linaweza kabisa kutunga sheria ya vyakula na kuviacha vinywaji kwa sheria nyingine. Pasipo na upuuzi, kanuni ya dhahabu haina kazi, na hakimu anabaki na maana ya kawaida. Hana hatia.

Kasoro: vimelea vya kipindupindu huishi kwenye maji, na ndoo ya juisi iliyo wazi ni njia ya ugonjwa ule ule. Ana hatia.

Ukikuta chaguo linalosema "ana hatia kwa kanuni ya dhahabu, kwa kuwa juisi pia hueneza ugonjwa", limechanganya jina la kanuni moja na hoja ya nyingine. Watahiniwa wengi huangukia hapo, kwa kuwa hoja yenyewe ni nzuri. Ubaya wake ni kwamba imepewa jina lisilo lake.

Lakini matokeo yakiwa ya kuonea mtu, huo si upuuzi tayari?

Si lazima. Katika kesi ya reli ya Berriman ya 1946, fundi aliuawa na treni akiweka mafuta kwenye njia. Kanuni za usalama zilitaka kuwepo mlinzi wa kutoa tahadhari kwa wanaotandika au kukarabati njia. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikasema kutia mafuta ni matunzo, si ukarabati, na mjane akakosa fidia. Ni matokeo machungu, na bado ndiyo mfano unaofundishwa wa neno kwa neno.

Upuuzi wa kanuni ya dhahabu ni pale kifungu kinapojibomoa chenyewe. Katika kesi ya Allen ya 1872, ilikuwa kosa kwa mwenye ndoa "kuoa" mwingine. Kama kuoa ni kufunga ndoa halali, hakuna ambaye angepatikana na hatia kamwe, kwa kuwa ndoa ya pili haiwezi kuwa halali. Ikasomwa "kupitia sherehe ya ndoa".

Maswali manne ya kesi ya Heydon, ambako kanuni ya kasoro ilitoka, lazima niyakumbuke yote?

Ndiyo, maana ni mafupi: sheria ilikuwaje kabla, kasoro gani ilibaki bila dawa, Bunge lilileta dawa gani, na sababu ya kweli ya dawa hiyo. Yanatoka 1584. Yajaribu kwenye Smith dhidi ya Hughes ya 1960. Sheria ilikataza makahaba kuita wateja "mtaani au mahali pa umma". Wanawake walikuwa ndani ya nyumba, wakigonga vioo vya madirisha na kuwaita wapita njia kutoka roshani. Kasoro ilikuwa watu kusumbuliwa wapitapo barabarani, na anayesumbuliwa hajali sauti imetoka wapi. Wakapatikana na hatia.

Kwenye mtihani, swali la pili ndilo linalotoa jibu, na mara nyingi mtunzi ameshalificha kwenye dibaji. Swali likikosa dibaji na historia yoyote, chaguo la kasoro lenye kusudi lililobuniwa litilie shaka.

Neno kwa neno ni maana ya mtaani au ya kisheria?

Kwa kawaida ya mtaani, ila neno likiwa na maana yake maalumu kwenye sheria, hiyo hutangulia. Katika Fisher dhidi ya Bell ya 1961, kisu kilichokatazwa kiliwekwa dirishani mwa duka na bei yake. Mpita njia angesema kinauzwa. Lakini sheria ya mikataba huita hilo mwaliko tu kwa mnunuzi, si kutoa kwa mauzo, hivyo mwenye duka hakuwa na hatia. Bunge likarekebisha sheria mwaka huo huo.

Chaguo linalosema "hakimu lazima aanze na neno kwa neno" ni sahihi?

Liepuke kwa ajili ya hilo "lazima". Mahakimu huanza na maneno kwa desturi, wala hakuna amri ya kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Na kama swali linahusu Katiba ya Kenya, ibara ya 259 inaagiza isomwe kwa namna inayoendeleza madhumuni, maadili na misingi yake, kwa hiyo huko kusudi liko mezani tangu mwanzo.