Barua kwa mwanangu aliye Dubai: pesa ya nyumbani

"Baba, huu mwaka wa tatu niko huku na kila mwezi natuma, lakini leo nimeangalia akaunti nimekuta dirham 140. Nikisema sina naambiwa nimebadilika. Nitumeje bila kujimaliza?"

Mwanangu mpenzi,

Meseji yako niliisoma usiku nikakosa usingizi, manake mimi nilikaa Muscat miaka 11 naendesha lori na niliporudi sikua na hata pesa ya kununua tairi moja, na wale niliokua nawatumia pia hawakua nazo, zilikua zinaliwa vile zinavyoingia. Sitaki yakupate.

Asubuhi nikafanya kitu. Nilichukua simu yangu na ya mamako, nikampigia nduguyo, shangazi yako na mjomba, kila mtu anisomee meseji zake za M-Pesa za miezi mitatu. Umetuma mara 17, jumla shilingi 153,000. Kwa rate ya 35 hiyo ni kama dirham 4,370, na kama kila ukituma wanakukata 20 kama ulivyoniambia, makato peke yake ni 340. Yaani kila mwezi inakutoka karibu 1,570 kwenye mshahara wa 2,600, na hapo bado hujala. Halafu kwenye zile 17 nikakuta karo ya nduguyo ya muhula huu umeilipa mara mbili, mamako alikuomba na yeye pia akakuomba, hakuna aliyejua mwenzake ameomba. Sio wizi mama, ni kwamba kila mtu anakupigia kivyake.

Sasa kwa upande wetu, hii nakwambia mimi ninayekaa hapa nyumbani. Chakula, tokeni za stima na maji ni elfu 15 kwa mwezi. Dawa za bibi za presha na sukari elfu 4. Karo ya nduguyo ni 53,554 kwa mwaka, na shule wanataka nusu nzima muhula wa kwanza, ndo maana kila Januari unaumia vile, lakini ukiigawa kwa miezi 12 ni kama 4,500 tu, mamako atakua anaiweka pembeni kila mwezi hadi Januari inakuta iko tayari. Jumla ni 23,500. Zile nyingine zote zilizopita hapo zilikua michango ya harusi, pikipiki ya mtoto wa mjomba, na mkopo ambao haujarudi.

Mshahara ukiingia, kabla hujafungua WhatsApp, toa 800 uweke akaunti nyingine ambayo kadi yake hutembei nayo. Yako ya kula, simu na mahitaji yako ni 800 ingine, kwa vile nyumba na basi ni ya kampuni inatosha. Nyumbani 700. Mia tatu inayobaki ni ya dharura za ukoo, lakini inakaa huko huko kwako, usiitume mpaka dharura ifike.

Na hiyo 700 ahidi kwa dirham, usiahidi kwa shilingi, hapa ndo watu wengi wa huko wanaumia bila kujua. Dirham imefungwa na dola, haichezi, lakini shilingi yetu inacheza. Unakumbuka Januari 2024 dola ilifika kama 160, dirham ikawa shilingi 43 na kitu, ukatuahidi elfu 30 kila mwezi na ilikua inakutoka kama dirham 690. Katikati ya mwaka ule ule shilingi ikapata nguvu, dola ikashuka 129 hivi, na elfu 30 ile ile ikawa inakutoka dirham 857. Sisi huku hatukuona tofauti yoyote, wewe mshahara haukuongezwa hata dirham moja, na ile 160 na zaidi ilitoka kwenye akiba yako kila mwezi. Ukisema 700 za dirham basi shilingi ikipanda au ikishuka mzigo tunaubeba sisi, na sisi tunaweza kupunguza nyama wiki moja, wewe huwezi kupunguza godoro unalolalia.

Tuma mara moja kwa mwezi, kwa mamako peke yake. Ukifika kwa wale wa kutuma pesa usiulize makato ni ngapi tu, muulize hivi, nikikupa dirham 700 mkononi zitafika Kenya shilingi ngapi? Uliza sehemu mbili tatu. Wengine makato yao ni madogo lakini rate yao ni mbaya, na pesa inaliwa hapo.

Kuhusu ile 300 ya dharura, inajikusanya. Mtu akilazwa au akifa unafungua unaangalia kuna ngapi, kilichopo ndo unatoa, kama hakuna basi ni mwezi ujao, ile 800 ya akiba haijui kama kuna dharura. Ya hospitali lipa moja kwa moja kwenye Paybill ya hospitali, omba namba na jina la mgonjwa. Msiba weka kiwango kimoja kwa kila mtu, elfu 2, ili asije mtu kusema fulani ulimpa nyingi. Karo sio dharura kwasababu tarehe yake inajulikana toka mwaka jana. Na mtu akiomba umkopeshe, mpe tu kile ambacho ukikisamehe hutaumia, na kitoke kwenye hiyo 300.

Kukataa najua ndo kugumu, wewe una moyo wa bibi yako. Kwa hivyo usikatae wewe. Waandikie wote meseji moja: "Kuanzia mwezi ujao natuma dirham 700 tarehe 3 kwa mama, mengine yote muongee na baba." Akikupigia shangazi mwambie shangazi ongea na baba, basi, usijieleze. Mimi ni kaka yake, mimi nitamwambia haipo na tutakasirikiana na jioni tutakunywa chai pamoja, mimi niko hapa naonana naye, wewe ukigombana naye kwa simu inakaa miaka.

Hiyo 800 ikifika miezi mitatu utakua na 2,400, ambayo ni kula yako ya miezi mitatu kazi ikisimama. Endelea mpaka ifike 5,000 ndo tuongee mambo ya sako huku, kabla ya hapo iache kwa dirham, tiketi ya kurudi inalipwa kwa dirham. Na kile kiinua mgongo chako usimwambie mtu. Sheria ya huko ukishamaliza mwaka mmoja ni siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, kwa ile miaka mitano ya kwanza, na msingi wako kwenye kontrakti ni 1,500 sio 2,600, kwa hivyo ni 1,050 kwa mwaka. Watu wakijua watakipangia matumizi kabla hujakipata.

Ile elfu 3 unayonitumia mimi kila mwezi ya matumizi yangu nimeitoa kwenye hesabu, ukiangalia vizuri utaona haiko kwenye 23,500. Nina mbuzi wawili wa kuuza na mguu unaendelea vizuri. Usiirudishe.

Babako