Sauti mbili, vyumba viwili: kuziunganisha bila mshono kusikika

*Swali: Nimemhoji mama mchuuzi wa samaki ofisini kwake Dunga, chumba cha vigae na paa la mabati. Maelezo yangu nimeyarekodi chumbani Nakuru, maiki karibu na mdomo. Nimezipitisha zote kwenye Normalize ya Audacity, lakini yeye bado anasikika kama yuko ndani ya pipa na mimi niko sikioni mwa msikilizaji. Nakosea wapi? – Msomaji, Nakuru*

Normalize hupima kilele tu, yaani ile nukta moja iliyo juu kuliko zote. Mama akigonga meza mara moja, pigo hilo ndilo linaloamua klipu nzima ipandishwe kiasi gani, na maneno yake yanabaki chini. Kinachopima sauti jinsi sikio linavyoisikia ni LUFS. Lakini usikimbilie huko kwanza. Anza na rangi ya sauti, kwa sababu ukipunguza besi baadaye, kipimo nacho kitabadilika na utarudia kazi.

Una bahati moja ambayo huenda hukuigundua: sauti yako imo katika vyumba vyote viwili, maana maswali uliyauliza Dunga. Usilinganishe sauti yako na ya mama. Koo zenu hazifanani, na ukizilazimisha zifanane utamharibu. Linganisha wewe wa Dunga na wewe wa Nakuru. Chagua sekunde kama 10 za maneno mfululizo kutoka kila upande, kisha fungua Analyze > Plot Spectrum, ukiweka Size 4096 na Axis kwenye Log frequency. Usiangalie urefu wa mchoro, angalia umbo lake. Mara nyingi chumba kidogo chenye kuta ngumu huvimba kati ya 200 na 500 Hz, na hilo ndilo pipa lako. Rekodi ya karibu na mdomo huvimba chini ya 150 Hz, hasa kwa maiki inayopokea upande mmoja.

Sasa kutaneni katikati. Kwa Filter Curve EQ, shusha klipu ya Dunga desibeli 3 au 4 pale palipovimba, na ukate yaliyo chini ya 80 Hz. Ya Nakuru ishushe desibeli 3 chini ya 150 Hz. Ukihitaji zaidi ya 6 popote, jua tatizo ni mwangwi, na mwangwi hauondoki kwa EQ. Hapo ni afadhali kuiongezea klipu kavu mwangwi kidogo kuliko kupigana na ile yenye mwangwi: Reverb, Room Size 15, Reverberance 15, Wet Gain -15. Ukiusikia waziwazi, umezidisha.

Baada ya hapo, zigeuze zote mbili ziwe mono (Tracks > Mix > Mix Stereo Down to Mono), kwa sababu sauti ileile ikiwa stereo husomeka desibeli 3 juu zaidi na kukudanganya. Hamisha kila klipu peke yake uipime:

```
ffmpeg -i dunga.wav -af ebur128 -f null -
```

Mwishoni tazama mstari wa I. Tuseme Dunga inasoma -29 na Nakuru -21. Lengo la podikasti ya mono huwa -19, kwa hiyo Dunga inapanda 10 na Nakuru 2. Tumia Loudness Normalization kwenye kila klipu, uandike -19 na uondoe alama ya Treat mono as dual-mono. Vilele vya Dunga vikiwa -6, kwa hesabu hiyo vitafika +4 na kupasuka ukihamisha faili, kwa hiyo malizia na Limiter kwenye -1.5.

Hizo desibeli 10 zimepandisha pia feni, friji na mvumo wa umeme, na hapo ndipo mshono hujifichua: neno la mwisho la Nakuru linakatika na chumba kizima cha Dunga kinafunguka ghafla kama mlango. Noise Reduction ya desibeli 6 yatosha. Ukifika 15 sauti huanza kububujika kama iko majini. Dawa yenyewe ni ukimya wa chumba. Ukirudi Dunga, rekodi sekunde 30 bila mtu kusema. Kama hurudi, okoteza vituo vya mama visivyo na pumzi wala mlio wa kiti, uvifume hadi viwe sekunde kadhaa. Ulaze ukimya huo kwenye traki ya chini, uanze kupanda taratibu sekunde 2 kabla mama hajasema, uendelee chini ya maelezo yako mafupi yanayomkatiza, kisha uzimike polepole.

Mvua ya Kisumu ikiwa ilipiga mabati katikati ya mahojiano, usijaribu kuisafisha. Iache isikike tangu mwanzo wa kipande hicho, ukiitaja kwenye maelezo yako.