Kudhibiti ubora, kuthibitisha mawanda, na sahihi ya “nimepokea”

*Swali: Natafsiri mwongozo wa usimamizi wa miradi kwa ajili ya wasimamizi wa ujenzi wa shule. Kuna “kudhibiti ubora” na kuna “kuhakiki mawanda ya kazi”. Wenzangu wanasema ni kitu kimoja, niandike “ukaguzi” yaishe. Je, ni sahihi? Na mwishoni mteja “anapokea” kazi au “anaikubali”?*

Usiandike “ukaguzi” kwa vyote viwili. Neno hilo linafaa kwa kila mtu anayetazama kitu, ndiyo maana halimwambii msomaji wako nani anatazama wala anatafuta nini. Kwenye kazi hizi mbili, hayo ndiyo mambo yenyewe.

Chukua mkataba wa madarasa 2 na ofisi 1 ya walimu. Michoro inadai njia ya mteremko kwa wanafunzi wenye ulemavu kwenye kila darasa, gata za kuvunia maji ya mvua, na tangi la lita 5,000. Sakafu iko sentimita 45 juu ya ardhi, na mteremko unatakiwa uwe 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo kila njia iwe na urefu wa mita 5.4. Fundi akijenga ya mita 3.6, njia ipo lakini ni kali mno: ni 1 kwa 8, na mwanafunzi wa kiti cha magurudumu huenda asiweze kuipanda peke yake. Hiyo ni kasoro ya ubora. Fundi akijenga njia nzuri ya mita 5.4 kwenye darasa la kwanza, na la pili akaliacha bila njia, ubora hauna tatizo. Kilichopungua ni mawanda, yaani jumla ya kazi iliyoagizwa.

Kudhibiti ubora, basi, ni kuuliza kama kilichojengwa kimejengwa sawasawa. Anayeuliza ni upande wa mtendaji: mkandarasi na watu wake wa vipimo. Wanaponda michemraba ya zege maabara siku ya 7 na ya 28 kupima uimara wake, wanapima unyoofu wa ukuta, wanapima mteremko. Kuthibitisha mawanda, ndiko unakokuita kuhakiki, ni kuuliza kama kilichojengwa ndicho kilichoagizwa, chote, na si zaidi. Anayejibu hapo ni mteja, akiwa na mkataba, michoro na orodha ya kazi mkononi. Kwa kawaida ubora hutangulia, maana hakuna faida ya kumwita mteja aje akutane na kasoro ambazo mkandarasi angeziona mwenyewe.

Hilo la “si zaidi” husahaulika. Mkandarasi akiweka marumaru kwenye ofisi ilhali mkataba unasema sakafu ya saruji, marumaru zinaweza kuwa zimepangwa vizuri kabisa na vipimo vyote vya ubora zikavipita. Bado hazimo kwenye mawanda, na mteja akinyamaza, kesho ataletewa ankara yake.

Sasa neno. “Kuhakiki” si kosa, ila lina mizigo miwili: wasomaji wengi hulijua kwenye uhakiki wa fasihi, na maofisini hutumika kwa uhakiki wa vyeti, kazi ambayo mtu yeyote mwenye orodha anaweza kuifanya. Mimi ningechagua “kuthibitisha”, kwa sababu anayethibitisha anaweka neno lake nyuma ya jambo. Inapendeza kwamba mwongozo wa PMI, taasisi ya Marekani ya usimamizi wa miradi, nao, kwenye toleo lake la tano la 2013, uliacha jina la zamani la hatua hii, lenye maana ya kuhakiki, ukachukua lenye maana ya kuthibitisha. Andika “uthibitishaji wa mawanda” unapozungumzia kazi yenyewe inavyofanyika, kwa kuwa -aji hubeba mwendo wa tendo. “Uthibitisho” uuache kwa ajili ya kile kinachobaki mkononi baadaye: karatasi yenye sahihi.

Kuhusu “kupokea”, hapa ndipo fedha hupotea. Kupokea ni kitu kufika mikononi mwako. Mlinzi wa getini anaweza kupokea tangi la maji saa mbili usiku, akatia sahihi kwenye hati ya usafirishaji, na hajakosea chochote. Kukubali ni kusema kwamba kitu hicho kinatimiza mkataba, na mwenye uwezo wa kusema hivyo ni yule tu ambaye mkataba umemtaja. Tanzania, shule zinazojenga kwa mafundi wa kawaida huwa na kamati ya mapokezi kando ya kamati ya ujenzi na ya manunuzi. Jina hilo limeshazoeleka, libaki. Ila kwenye fomu ya kamati, sehemu ya sahihi isiishie kwenye “Tumepokea”. Iandikwe “Tumepokea, tumekagua, na tumekubali”, na kila kitenzi kipewe tarehe yake, kwa sababu mara nyingi hayatokei siku moja. “Makabidhiano” nayo haitoshi. Ule mwisho wa -ano unaonyesha pande mbili zimekutana, mmoja akatoa na mwingine akashika. Haujasema kwamba aliyeshika ameridhika.

Angalia pia mnyambuliko wa kitenzi, maana Kiswahili kinaficha mtenda kwa urahisi sana. “Kazi imekubalika” haina mtenda kabisa: inaweza kusomeka kuwa kazi inafaa kukubaliwa, au kwamba watu kwa jumla hawakuipinga. “Kazi imekubaliwa” inakiri kwamba yupo aliyekubali, lakini haimtaji. Hati inayosimama imeandikwa kwa kauli ya kutenda, yenye cheo, namba ya mkataba na kitu kinachokubaliwa: “Mimi, Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, kwa niaba ya mteja, nimekubali darasa namba 1 na ofisi ya walimu kama zilivyoainishwa kwenye mkataba namba fulani, leo tarehe fulani.” Kazi ikikataliwa, iandikwe vivyo hivyo, na sababu ielekee kwenye kipengele cha mkataba: “Sijakubali darasa namba 2 kwa sababu halina njia ya mteremko inayoonyeshwa kwenye mchoro.” Kuandika “kuna mapungufu madogo madogo” kunamwachia mkandarasi achague mwenyewe arekebishe nini.

Mteja asipojibu, usitafsiri ukimya kwa neno lako. Baadhi ya mikataba huweka idadi ya siku ambazo zikipita bila jibu kazi inahesabiwa imekubaliwa, na mingine haina kifungu hicho. Pale kilipo, tumia “itahesabiwa kuwa imekubaliwa”, si “itakuwa imekubaliwa”, ili ionekane ni mkataba unaohesabu, si mteja aliyetamka.

Mtego wa mwisho ni kihusishi kimoja tu. Mara nyingi mteja hukubali sehemu kubwa ya kazi na kuacha vipengele vichache virekebishwe, ndipo huandikwa: “Tumekubali kazi pamoja na kasoro zilizoorodheshwa hapa chini.” Sentensi hiyo inasema kasoro nazo zimekubaliwa. Andika “isipokuwa vipengele vilivyoorodheshwa hapa chini, ambavyo mkandarasi atavikamilisha kabla ya tarehe fulani”, kisha orodha iwe na njia ya mteremko ya darasa namba 2, mita 5.4, na gata za upande wa nyuma.