Buy Stop yangu imeingia juu ya bei niliyoweka

Swali: Kaka, natredi dhahabu kwa MT5, niko Sakina, Arusha. Ijumaa niliweka Buy Stop 2,401 ili inidake bei ikivunja 2,400. Saa 9:30 alasiri ripoti ya ajira ya Marekani ikatoka, oda ikaingia 2,403.80. Broka kanila? Ningetumia Buy Limit au Buy Stop Limit ingekuwaje?

Jibu: Huenda hakuna aliyekula. Ile 2,401 haikuwa bei ya kununulia, ilikuwa kengele tu. Ikishalia, Buy Stop inageuka oda ya soko: nunua kwa bei yoyote iliyopo. Ni kama kumwambia kijana, "mchele ukifika elfu tatu pale Kilombero, chukua." Hujamwambia asizidishe. Na dakika ya habari wauzaji wengi huondoa bei zao, kwa hiyo muuzaji wa kwanza aliyebaki anaweza kuwa yuko 2,403.80.

Kumbuka pia kwamba chati ya MT5 huchorwa kwa Bid, bei unayouzia, ila Buy Stop huamshwa na Ask, bei unayonunulia. Spredi, yaani pengo kati ya hizo mbili, ikitanuka, oda inaweza kuingia wakati mshumaa wako haujagusa hata 2,400. Washa mstari wa Ask kwenye chati utaliona hilo mwenyewe.

Buy Limit haikufai hapa. Bei ikiwa 2,398, MT5 itaikataa Buy Limit ya 2,401 na kukuandikia "Invalid price", kwa sababu inataka iwe chini ya bei iliyopo. Kwenye majukwaa mengi ya hisa ingepokelewa, lakini ungenunua palepale karibu na 2,398, kabla kizuizi cha 2,400 hakijavunjwa.

Buy Stop Limit ndiyo yenye mtego. Ndani ya MT5, sehemu ya Price unaweka 2,401, na Stop Limit price lazima iwe chini yake, tuseme 2,400.20. Ask ikigusa 2,401 hununui bado. Inawekwa Buy Limit ya 2,400.20 inayosubiri bei irudi. Ikirudi, unapata 2,400.20 au nafuu zaidi. Isiporudi, unabaki unaangalia.

Sasa fikiria ni zipi zinazorudi. Mivunjo ya uongo hurudi yote. Ile yenye nguvu, inayokimbia moja kwa moja, ndiyo itakayokuacha. Kwa hiyo unapata bei nzuri, lakini unabaki na mivunjo yote mibovu na kukosa baadhi ya ile bora. Ndiyo maana mimi bado natumia Buy Stop, ila nahesabu mapema utelezi, ile tofauti kati ya bei niliyoweka na niliyopata. Kama stop loss yako ilikuwa 2,395, ulipanga kupoteza dola 6 kwa kila aunsi, ulipoingia 2,403.80 zikawa 8.80. Na hiyo stop loss nayo ni oda ya stop, inaweza kuteleza vilevile wakati wa kutoka. Siku ya ripoti ya ajira napanga loti kana kwamba ni dola 10.