Mfumuko umeshuka, au bei zimeporomoka?

Swali: "Nimesoma mahali 'mfumuko wa bei umeshuka' na pengine 'mporomoko wa bei'. Ni kitu kimoja? Na je, 'mporomoko wa deni' ni Kiswahili sahihi? Bei zikishuka si nafuu kwa mwenye deni?"

Jibu: Si kitu kimoja. Mfumuko ukishuka kutoka asilimia 6 hadi 3, bei bado zinapanda, ila polepole. Mporomoko wa bei ni pale bei za bidhaa na huduma kwa ujumla zinaporudi chini. Bidhaa moja ikipungua bei, sema tu bei yake imeshuka.

Kuhusu nafuu, tumtazame seremala aliyekopa dola 1,000 wakati kiti chake kinauzwa dola 10. Tuache riba kando. Deni lake ni viti 100. Bei ya kiti ikiwa dola 8, daftari la mkopeshaji bado linasoma 1,000, lakini sasa seremala anadaiwa viti 125. Ni kweli kwamba mbao nazo huenda zimeshuka bei, na kwa matumizi ya nyumbani atapata unafuu kidogo. Deni lenyewe halishuki, kwa sababu liliandikwa kwa fedha.

Mmoja akibanwa hivyo, soko halitikisiki. Shida huja wakibanwa wengi kwa pamoja. Kila mmoja anauza alichonacho haraka ili alipe, na wingi wa wauzaji unazidi kushusha bei. Mikopo ya benki ikilipwa bila mingine kutolewa, fedha zilizo kwenye mzunguko hupungua. Mauzo yanadorora, wafanyakazi wanaachishwa, na wao pia wana madeni.

Mchumi Mmarekani Irving Fisher alieleza mnyororo huu mwaka 1933, katikati ya Mdororo Mkuu wa uchumi. Kwa makadirio yake, kufikia Machi mwaka huo madeni nchini Marekani yalikuwa yamepunguzwa kwa takriban asilimia 20, lakini thamani ya dola, ikipimwa kwa bei za jumla, ilikuwa imepanda takriban asilimia 75. Ukizidisha 0.8 kwa 1.75 unapata 1.4. Yaani watu walilipa, wengine wakafilisiwa, na bado uzito wa deni lililobaki ukaongezeka kwa asilimia 40. Hesabu hii hunisikitisha kila ninapoirudia, maana waliolipa hawakufanya kosa lolote.

Ndiyo maana siafiki "mporomoko wa deni" kama jina la mnyororo huu. Msomaji ataelewa kwamba deni limepungua, ilhali jambo lenyewe ni deni kuwa zito zaidi. Mimi huandika "mporomoko wa bei unaochochewa na madeni". Ni refu, lakini linaonyesha kinachoporomoka ni kipi na kinachosukuma ni kipi.