Lita 13 kwa kilo moja ya cheda: maziwa yanapotelea wapi?

Swali: Nafuga Friziani na natengeneza cheda. Niliambiwa lita 10 zinatoa kilo moja, lakini mimi natumia 13. Nakosea wapi?

Jibu: Hizo lita 10 ni za kweli, mradi upime jibini likitoka kwenye kikandamizio. Likishakaa rafuni miezi kadhaa hupungua uzito kwa kukauka, na hesabu hubadilika bila wewe kukosea popote. Kwa maziwa hayohayo, panir hutaka lita 5 au 6 tu kwa sababu imebaki na maji mengi, na jibini gumu la aina ya pamesani laweza kufika 14. Kwa hiyo kwanza niambie ulipima lini.

Kama ulipima likiwa bichi, tufanye hesabu. Kinachogeuka jibini ni mafuta na kaseini, ile protini inayoganda. Van Slyke, mkemia wa maziwa wa Marekani, aliiandikia cheda kanuni hii, kwa kila kilo 100 za maziwa:

```
Y = (0.93 × F + C − 0.1) × 1.09 / (1 − W)
```

Y ni kilo za jibini, F ni mafuta, C kaseini, W sehemu ya maji ndani ya jibini. Kwa Friziani weka mafuta 3.5, kaseini 2.4 na maji 0.37: utapata kilo 9.6, yaani lita 10 na ushee kwa kilo. Jezi mwenye mafuta 5 na kaseini 3 hufika kilo 13.

Ile 0.93 inachukulia kwamba mafuta machache tu yanatoroka. Sasa tazama maji ya jibini unayomwaga. Yakiwa ya kijani-njano na maangavu, kazi yako ni safi. Yakiwa meupe kama maziwa, unamwaga pesa: mafuta ndani yake yakipanda kutoka asilimia 0.3 hadi 0.9, umepoteza karibu kilo nzima ya jibini katika kila lita 100. Mara nyingi chanzo ni kukata mgando mapema. Ingiza kisu kwa mshazari, uinue taratibu. Mgando ukipasuka kwa ukingo mkali na ufa ukajaa maji maangavu, kata. Ukichanika ovyo, ngoja dakika tano ujaribu tena. Maziwa yaliyokaa baridi siku mbili huganda kwa ulegevu. Gramu 10 hadi 20 za kloridi ya kalsiamu kwa lita 100 husaidia.

Hata hivyo kosa hilo peke yake lingekufikisha lita 11 hivi. Kufika 13, nashuku maziwa yenyewe. Kama unaongezea ya majirani, tia laktometa kwenye kila ndoo: chini ya 28 kwa nyuzi 20, huenda yametiwa maji, uliza maswali. Kama yote ni yako, wapime ng'ombe ugonjwa wa kiwele, maana hushusha kaseini kabla hujaona mabonge kwenye maziwa.

Usijaribu kufidia kwa kuacha maji zaidi ndani ya jibini. Mizani itafurahi wiki ya kwanza, kisha cheda itachachuka na kulainika rafuni.